Nani anachota maji? Kufundisha haki na wajibu kwa baraza la darasa

Kwa miaka kadhaa niliandika neno "Usawa" ubaoni, nikalipigia mstari, nikatoa maana yake, na wanafunzi wakanakili. Kwenye mtihani walilipata. Kengele ya mapumziko ikilia, wasichana wale wale watano walichukua ndoo kwenda bombani, na wavulana waliotoka kuandika maana sahihi ya usawa waliwapita mlangoni wakikimbilia mpira. Ilinichukua muda kukubali kwamba darasa langu lilikuwa na masomo mawili kwa pamoja, la ubaoni na la ndoo, na kwamba lililowaingia watoto ni la ndoo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa la nne hadi la saba katika shule zetu za Dar es Salaam, zile zenye watoto wengi, madawati ya kubanana na awamu mbili, asubuhi na mchana. Unahusu kitu kimoja: jinsi ya kuendesha baraza la darasa juu ya zamu za usafi, ili watoto wajifunze haki na wajibu kwa kuamua, kutekeleza na kujikagua. Mfano ninaoutumia ni wa darasa la tano nililolifundisha huko Temeke, watoto 84, wasichana 44 na wavulana 40. Kazi nzima ilichukua wiki sita, na ndani yake vipindi vitatu tu vya dakika 40. Vifaa vilikuwa karatasi tatu za manila, maka peni moja na vizibo vya soda 168.

Kwanza, weka mipaka kabla watoto hawajasikia lolote

Kosa linaloua mabaraza mengi hutokea kabla ya kikao. Mwalimu anawaambia watoto "amueni", wanaamua, kisha uamuzi unagonga mwamba ofisini. Mtoto aliyeombwa maoni yake yakatupwa hujifunza kwamba kushiriki ni maigizo. Mtafiti Roger Hart, aliyechora ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vipawa nane mwaka 1992, aliviita vipawa vitatu vya chini kabisa kuwa si ushiriki hata kidogo: watoto wanapotumiwa, wanapowekwa kama pambo, na wanapoitwa ili tu ionekane wameitwa. Nadhani kipawa hicho cha tatu ndicho tunachokikanyaga zaidi shuleni, na kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo chagua jambo ambalo watoto wanaliishi kila siku, ambalo uko tayari kweli kuwaachia, na ambalo matokeo yake yataonekana ndani ya wiki mbili. Zamu za usafi zinatimiza yote matatu. Sare, michango na tabia ya mwalimu fulani havitimizi. Nenda kwa mwalimu mkuu na kwa mwalimu wa zamu, uwaeleze ni nini hasa watoto wataamua, na uandike makubaliano hayo kwenye daftari lako. Mimi niliomba mambo mawili: darasa lijipangie nani anafanya kazi gani siku gani, na darasa lipendekeze la kufanya zamu ikivunjwa.

Kisha andika mipaka kwenye manila ya kwanza, iwe ukutani tangu siku ya kwanza. Yangu ilisema: baraza haliwezi kuamua kitu kinachogusa mwili wa mtu, pesa yake, chakula chake au heshima yake mbele ya shule; haliwezi kubebesha mzigo aina moja tu ya watu; na halijadili mtu mmoja kwa jina. Utaona baadaye jinsi sentensi hiyo ilivyokuja kutumika.

Hilo la mwisho ni zito. Wizi, kupigwa, kuguswa vibaya, njaa nyumbani: mambo hayo hayaletwi barazani hata kama mtoto mwenyewe anataka. Mwambie mbele ya wote kwamba atazungumza na mwalimu wa malezi faraghani, na uwafundishe watoto kwamba kuna namba 116, ya bure, ya kumsaidia mtoto aliye hatarini.

Pili, wahesabu kabla hawajasema

Ukianza na mjadala, utapata malalamiko. "Sisi ndio tunafagia kila siku." "Waongo hao!" Mwenye sauti kubwa anashinda. Ukianza na hesabu, mjadala unakuwa na kitu mezani.

Wiki ya kwanza nzima waachie watoto wanne, wawili wasichana na wawili wavulana, wahesabu. Chora jedwali kwenye manila ya pili: siku tano upande wa juu, kazi nne upande wa kushoto, yaani kuchota maji, kufagia, kupiga deki na kumwaga taka. Kila kazi inapofanyika wanaweka kijiti, rangi moja kwa msichana na nyingine kwa mvulana. Pembeni, kwenye daftari ambalo halibandikwi ukutani, wanaweka alama mbele ya jina la aliyefanya.

Usiwaambie wanatafuta nini. Usiseme "tuone kama wasichana wanaonewa". Waambie tu: tunataka kujua kazi za darasa hili zinafanywaje. Na wiki hiyo usibadilishe chochote, hata kama moyo unakuuma.

Ijumaa jedwali letu lilisema hivi. Safari za maji zilikuwa 20, na 18 kati yake zilikwenda wasichana. Kufagia, watu 30 kwa jumla ya siku tano, wasichana 23. Kupiga deki, Jumatano na Ijumaa, watu wanane, wote wasichana. Kumwaga taka mara tano, wavulana nne. Ukijumlisha ni vijiti 63, na 50 ni vya wasichana. Lakini kilichonishangaza kilikuwa kwenye daftari la pembeni: katika watoto 84, ni 33 tu walioshika kazi yoyote. Wengine 51 hawakugusa hata fagio, na humo walikuwamo wasichana wengi. Mimi nilikuwa najua habari ya wasichana na wavulana. Hiyo ya pili sikuijua, na isingejulikana kama ningetangulia kuhubiri.

Tatu, mpangilio wa watoto wengi katika chumba kidogo

Watoto 84 hawawezi kuzungumza kwa dakika 40. Ukiwaacha, watazungumza saba. Wagawe vikundi 14 vya watoto sita hivi. Huna haja ya kusogeza madawati: watoto wa dawati la mbele wanageuka nyuma na kutazamana na wa dawati linalofuata.

Kwa jambo hili hasa, duru ya kwanza niliwatenga, vikundi saba vya wasichana na saba vya wavulana. Najua kuna walimu wasiopenda hili, na kwa mada nyingine nami silifanyi. Lakini katika kikundi cha mchanganyiko, mbele ya wavulana wawili watani, msichana wa miaka kumi na moja hatasema kwamba amechoka kubeba ndoo. Akiwa na wenzake atasema, na msemaji wao atalileta likiwa ni la kikundi, halina jina la mtu.

Vizibo vya soda ndivyo vinavyogawa zamu ya kusema. Muombe mwenye duka au mama wa kantini akukusanyie. Kila mtoto anashika viwili. Ukizungumza kikundini, unaweka kimoja katikati. Vikiisha, unasikiliza mpaka wenzako wote wameweka vyao. Hakuna haja ya kumwambia mwenye maneno mengi anyamaze, kwa sababu mkono wake mwenyewe mtupu unamwambia. Na aliye kimya anajiona ana vizibo viwili bado, wenzake wanamtazama, mwishowe anasema japo neno moja.

Toa madaraka matatu kwa kura ya kukunja karatasi: mwenyekiti, katibu na mtunza muda. Monita na viranja wasichaguliwe. Tayari wana cheo, na watoto wanawaogopa kwa daftari lao la majina.

Nne, kikao chenyewe

Dakika 40 niligawa hivi: tano za kusoma jedwali, kumi za vikundi, kumi na mbili za wasemaji, nane za kuamua, tano za kuandika. Kikundi ambacho hoja yake imekwisha kusemwa, msemaji wake anasimama na kusema "tumesemewa", basi. Neno hilo dogo huokoa muda mwingi.

Wewe kaa nyuma, kwenye dawati, si kwenye kiti chako. Jiruhusu sentensi tatu tu kikao kizima: "Jedwali linasemaje?", "Nani hajasikika?" na "Hilo liko nje ya mpaka." Nilikuwa nimeziandika kwenye kiganja kwa kalamu, kwa sababu nilijijua.

Jaribu kubwa lilikuja dakika ya kumi na saba. Mvulana mmoja, msemaji wa kikundi chake, alisimama na kusema bila wasiwasi: "Sisi tumeona kuchota maji ni kazi ya wasichana. Hata nyumbani wanachota wao." Darasa likanigeukia. Macho ya darasa zima yalikuwa yanasubiri mwalimu atoe jibu la kitabuni. Nilikuwa nalo, tena refu. Nililimeza, nikaangalia chini kwenye dawati.

Kimya kilikuwa kirefu. Ukihesabu moyoni mpaka ishirini utajua nina maana gani. Halafu msichana mmoja wa kikundi cha dirishani, ambaye sikumbuki kama alikuwa amewahi kunyoosha mkono mwaka ule, akasema akiwa amekaa: "Mbona mtaani kwetu wanaosukuma mkokoteni wa madumu ya maji wote ni wanaume?"

Watu wakacheka. Yule mvulana akajibu haraka: "Wale wanalipwa."

"Ee," akasema yule msichana. "Kwa hiyo maji yakiwa na hela ni ya wanaume, yasipokuwa na hela ni yetu."

Hakuna aliyecheka tena. Hata mimi sikuwahi kuliona jambo hilo hivyo, na nimeishi mitaa ya madumu na mikokoteni maisha yangu yote. Yule mvulana alikaa taratibu, akanong'ona na wenzake. Zamu yake ilipofika tena, alisema kikundi chake kinaomba kubadilisha hoja. Ningetoa hotuba yangu, angenyamaza kwa sababu mwalimu amesema, na kesho yake ndoo ingebebwa na wale wale.

Tano, kuamua: wengi wape, lakini si kila kitu

Tunapenda kukimbilia kura ya mikono. Ni rahisi na inaonekana ya kidemokrasia. Katika darasa letu, kikundi kimoja cha wasichana kilipendekeza wavulana wachote maji peke yao mpaka muhula uishe, "walipe deni". Piga hesabu: wasichana 44, wavulana 40. Pendekezo lingepita, na darasa lingejifunza kwamba haki ni kuwa wengi kuliko mwenzako.

Hapo mpaka wa ukutani ulifanya kazi. Nilisema sentensi yangu ya tatu, mwenyekiti akaisoma manila kwa sauti, na pendekezo likarudi kikundini. Kama mpaka usingekuwapo tangu mwanzo, ningeonekana ninawatetea wavulana. Ndiyo sababu nasisitiza mipaka iandikwe kabla hujajua itamzuia nani.

Badala ya kuuliza "nani anaunga mkono", mfundishe mwenyekiti kuuliza maswali mawili kwa mfuatano. La kwanza: "Kuna nani hawezi kabisa kuishi na uamuzi huu?" Wanaonyoosha wanatoa sababu, na darasa linajaribu kurekebisha pendekezo ili sababu hizo zipungue. La pili, baada ya marekebisho, ndiyo kura. Wengi wape, ndiyo, lakini wachache wawe wamesikilizwa kwanza na pendekezo liwe limewabeba.

Uamuzi wa darasa langu ulikuwa huu. Vikundi vya kazi 14, kila kimoja watoto sita, wasichana na wavulana wakichanganywa. Kila siku kikundi kimoja. Wawili wanachota maji, kila mmoja safari mbili, kwa ndoo ya lita kumi na si ya ishirini. Watatu wanafagia. Mmoja anamwaga taka. Siku ya deki, waliofagia na wa taka wanapiga deki. Mtoto mmoja alipiga hesabu ubaoni na kuwaonyesha kwamba kila mtu atafikiwa mara moja kwa siku 14 za shule, yaani karibu wiki tatu. Wale waliokuwa wakibeba ndoo kila siku walipiga makofi.

Kuna jambo la pili walilolileta wenyewe, ambalo sikulipanga. Waliochelewa walikuwa wanaadhibiwa kwa kufagia. Mtoto mmoja aliuliza: "Kama kufagia ni adhabu, mbona anafagia na ambaye hajakosa?" Wakaomba kufagia kusitumike tena kama adhabu darasani kwao. Hilo lilikuwa nje ya makubaliano yangu na ofisi, kwa hiyo sikuwaahidi. Katibu aliandika barua ya mistari minne, mwenyekiti na wenzake wawili wakaipeleka kwa mwalimu wa zamu, na jibu likarudi siku ya tatu: imekubaliwa kwa darasa hilo tu, kwa majaribio. Wangekataliwa pia ingekuwa somo, mradi wangepewa sababu.

Sita, karatasi ya ukutani

Manila ya tatu iwe na mambo matano tu: nini kimeamuliwa, nani anafanya, siku gani, nani anakagua, na lini baraza litaupitia tena uamuzi huu. Hilo la tano ndilo husahaulika, na bila hilo uamuzi unageuka amri kama amri nyingine. Mkaguzi asiwe monita. Kwetu kikundi cha jana ndicho kilichokagua cha leo, kwa alama moja tu, imefanyika au haijafanyika, bila majina.

Saba, itakapoharibika

Itaharibika. Kwetu iliharibika Jumanne ya wiki ya nne, zamu ya kikundi cha saba. Niliingia darasani asubuhi nikakuta maganda ya karanga chini ya madawati, vumbi la chaki, ndoo tupu. Niliwaona watoto wananitazama: je, mwalimu atafoka? Nilifundisha hesabu juu ya uchafu ule. Nilijua darasa la mchana lingeingia mahali pachafu, nikaenda kumwomba radhi mwalimu wao mapema. Uchafu wa sakafu unaweza kungoja. Ingekuwa choo au maji ya kunawa nisingengoja hata saa moja, na hilo pia uliweke wazi tangu mwanzo: afya haingoji baraza.

Ijumaa baraza lilikaa mara ya pili. Mapendekezo ya kwanza yalikuwa makali kuliko ambavyo mwalimu yeyote angethubutu: wapigwe fimbo kumi, wapige deki mwezi mzima, wasimamishwe mstarini shule nzima iwaone. Usiogope ukisikia haya, wala usidhani watoto wako wana roho mbaya. Wanarudia adhabu wanazozijua. Mwenyekiti alisoma mipaka tena: mwili, heshima mbele ya shule. Mbili zikaanguka. Ndipo nikatumia sentensi yangu, "Nani hajasikika?", kwa sababu hakuna aliyekuwa amekiuliza kikundi cha saba chenyewe.

Msemaji wao alieleza. Watatu kati yao wanapanda daladala kutoka mbali, na asubuhi makonda wanawaacha wanafunzi kituoni wakitafuta abiria wa nauli kamili. Walifika kengele imelia. Watatu waliofika mapema waliona kazi ya watu sita ni nyingi, wakaacha yote. Darasa zima linaijua adha ya kituo cha daladala, na hasira ikashuka papo hapo. Lakini msichana mmoja hakuwaachia hivi hivi: "Watatu mliofika mngeweza hata kuchota maji." Wakakubali kwamba hapo walikosa.

Marekebisho mawili yakapita. Kufagia kuhamie mwisho wa awamu, kabla darasa la mchana halijaingia, ili asubuhi ibaki kazi ya maji na taka tu. Na anayejua hatafika mapema abadilishane zamu na mwenzake siku moja kabla, mbele ya katibu. Kikundi cha saba kilirudia siku yake wiki iliyofuata. Adhabu haikuhitajika, na hakuna aliyeidai.

Kuna kuharibika kwa aina nyingine, ambako hakuonekani kirahisi. Ukiona maamuzi yote ya baraza yanafanana na yale ambayo ungeamua wewe, shuku. Ukiona mtoto anazungumza na mwenyekiti huku anakutazama wewe, hama kiti, kaa mahali ambapo hawezi kukuona. Ukiona vizibo vinakusanywa na mtoto mmoja kwa kuwanunua wenzake kwa pipi, na hili lilinitokea, usikamate mtu: lifanye kuwa mada ya kikao kijacho, maana ni kununua kura kabisa. Na ukiona wenzako ofisini wanalalamika kwamba watoto wako siku hizi wana midomo, wakaribishe wakae nyuma ya kikao kimoja. Wawili walikuja. Mmoja amelianzisha darasani kwake.

Nane, sasa ndipo ufungue kitabu

Maneno ya somo yaje baada ya tukio. Kipindi kilichofuata baraza la pili, kiwe cha Uraia na Maadili au cha Historia ya Tanzania na Maadili kwa mtaala mpya, niliwasomea Ibara ya 12 ya Katiba ya mwaka 1977: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Nikawauliza ni wapi katika wiki nne zile waliiona. Walitaja ndoo. Nikawasomea maana ya Ibara ya 21, kwamba raia ana haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Walitaja barua ya katibu. Nikawaambia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake, wakashangaa kwamba sheria inawataja wao.

Kisha kazi ya nyumbani: muulize mzazi au mlezi, mkutano wa mtaa wetu wa mwisho ulizungumza nini, nani alizungumza, na uamuzi gani ulitekelezwa. Wengi wa wazazi walikuwa wamepiga kura ya kuchagua mwenyekiti wa mtaa tarehe 27 Novemba 2024, lakini majibu kuhusu mkutano yalikuwa machache. Baadhi ya watoto walirudi wakiuliza kwa nini mtaa hauna karatasi ya ukutani yenye tarehe ya kupitia uamuzi tena. Swali hilo nisingeweza kulipanda mimi.

Tisa, hesabu tena

Wiki ya sita rudia jedwali lile lile, kazi zile zile, bila kutangaza matokeo unayotamani. Sisi tulipata safari 20 za maji, 12 za wavulana na nane za wasichana. Hapo ilibadilika kweli. Deki haikubadilika: katika watu wanane, saba walikuwa wasichana. Orodha ilisema kazi zizunguke, lakini siku za deki watoto walikuwa wanabadilishana ndani ya vikundi, wavulana wanachukua ndoo, wasichana wanachukua tambara.

Katika baraza la tatu niliamini watasema tena ni kazi ya wasichana. Hawakusema. Mwenyekiti aliuliza sababu, ikawa kimya, halafu mvulana mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hajui kupiga deki, anamwaga maji mengi sakafu inakuwa tope, na wanamcheka. Wengine watatu wakainua mikono kwamba nao hivyo hivyo. Baraza liliamua kwamba siku ya deki kila kikundi kiwe na mmoja anayejua na mmoja anayejifunza, na kwamba anayejifunza hachekwi. Jumatano iliyofuata nilipita mlangoni saa ya kutoka. Msichana alikuwa amepiga magoti kando ya ndoo, anamwonyesha mvulana jinsi ya kukunja tambara mara mbili na kulikamua mpaka lisidondoke, na mvulana alikuwa anakamua kwa nguvu zake zote, maji yanamtiririka mpaka kwenye viwiko.